Almasi ya Kale na Kioo Chake

Mwaka 1724 kijana mmoja kutoka Wolfisheim, kijiji cha jirani na mji wa Strasbourg, aliingia Paris kutafuta riziki ya usonara. Jina lake lilikuwa Georges Frédéric Strass, mzaliwa wa mwaka 1701. Miaka kumi baadaye, mwaka 1734, alikwisha kuwa sonara wa mfalme wa Ufaransa, na kilichompandisha daraja hiyo hakikuwa almasi bali kioo. Alichukua kioo chenye risasi nyingi, cha jamii ile ambayo George Ravenscroft alikuwa ameipatia hati ya haki huko London mwaka 1674, akakikata kama almasi inavyokatwa, akakilaza juu ya jaribosi na kukifungia ndani ya fedha. Alifariki mwaka 1773, lakini jina lake halikuzikwa naye. Hadi leo vito vya kioo cha namna hiyo huitwa strasi katika lugha kadhaa za Ulaya.

Strass hakuwa mlaghai. Aliuza kioo kwa jina la kioo, na mabibi wa Paris walikinunua wakijua wanunuacho. Usiku wa mishumaa ulikipendeza kioo hicho, na aliyesafiri nacho hakuwa na hofu kubwa ya wanyang'anyi wa njiani. Matatizo yalizaliwa baadaye, pale vitu vilipoishi kuliko watu waliovijua. Mwenye bizimu alikufa, mrithi wake akafa, na mjukuu akabaki na kisanduku kisicho na maelezo. Hapo ndipo yanapotokea makosa mawili. La kwanza ni kukipa kioo bei ya almasi, na hilo kila mtu analiogopa. La pili ni kuitupa almasi kwa kudhani ni kioo, kwa kuwa imefifia, ina weusi chini yake na haimeremeti kama almasi za madukani. Kosa hili la pili halina wa kulilia, kwa sababu aliyelitenda hajui kama amelitenda.

Ili kuepukana na makosa hayo inabidi kwanza kuelewa kwa nini almasi halisi ya kale hufanana na kioo kuliko inavyofanana na almasi ya leo. Jibu limo katika mkato.

Almasi hutoka ardhini aghalabu ikiwa na umbo la pande nane, mfano wa piramidi mbili zilizounganishwa misingi, moja ikielekea juu na nyingine chini. Wakataji wa mwanzo walithubutu kidogo tu. Walisugua ncha ya juu mpaka ikawa bapa, wakapata mkato wa meza. Palipopatikana vipande vyembamba visivyo na kina, walivikata kwa mkato wa waridi, yaani chini bapa kabisa na juu kuba lenye nyuso ndogo za pembe tatu zinazokutana kwenye kilele. Karne ya 18, almasi za Brazili zilipoanza kumiminika kuongezea zile za India, ulienea mkato mwingine uliokuja kuitwa mkato wa migodi ya kale. Umbo lake ni kama mto wa kulalia wenye kona za duara, meza yake ni ndogo, sehemu ya juu imeinuka, na ncha ya chini imekatwa ikabaki uso mdogo bapa. Ukiitazama almasi hiyo kutoka juu, uso huo wa chini huonekana katikati yake kama kitundu.

Mikato hii haikuyarudisha macho ya mtazamaji nuru yote iliyoingia. Mkato wa waridi hasa, kwa kuwa chini yake ni bapa, huiachia nuru ipite na kupotea upande wa pili. Mkato unaoirudisha nuru kwa hesabu kamili ulikuja kuelezwa na Marcel Tolkowsky mwaka 1919, na almasi nyingi za maduka ya leo hufuata nyayo hizo. Basi mtu aliyezoea mng'ao wa leo akiitazama almasi ya mwaka 1760, humwonea. Humtaka babu acheze ngoma ya wajukuu.

Sonara wa zamani aliujua upungufu huo na alikuwa na dawa yake, nayo ni jaribosi. Alifua fedha ama shaba iliyopakwa fedha mpaka ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, akaisugua hadi ikameremeta, akaitandika ndani ya kikombe cha madini na kukilaza kito juu yake. Nuru iliyopita kwenye kito ilikutana na jaribosi ikarudishwa juu. Kisha kingo za kikombe zilikandamizwa kukizunguka kito, hewa na unyevu visiingie.

Dawa hii haikuwa ya kioo peke yake. Benvenuto Cellini, sonara wa Florence, katika kitabu chake cha ufundi kilichochapishwa mwaka 1568, aliandika kwa urefu namna ya kuitia almasi rangi kwa chini, kwa mchanganyiko wa masizi ya taa na utomvu. Yeye mwenyewe aliifanya kazi hiyo kwa almasi ambayo Mfalme Mkuu Karl wa Tano alimpa Papa Paulo wa Tatu, na akajisifu kwamba rangi yake iliizidi ile ya bingwa aliyemtangulia. Ikiwa almasi ya Papa ilitiwa rangi mgongoni, hakuna haki ya kumwita mtu tapeli kwa kuona jaribosi chini ya kito chake. India nako masonara wa kundani wamekuwa wakizilaza almasi juu ya jaribosi ndani ya dhahabu kwa karne nyingi, na kazi hiyo huitwa ya kweli bila wasiwasi wowote.

Kwa hiyo jaribosi haisemi kama kito ni almasi au ni kioo. Inasema habari nyingine, nayo ni ya umri. Jaribosi ya kale haibaki kama ilivyotandikwa. Unyevu huingia taratibu kwenye mwanya mdogo, fedha ikaanza kuwa manjano, kisha kahawia, kisha nyeusi, na weusi huo huanzia pembeni ukaelekea katikati, kama ukungu unavyoingia kwenye kioo cha kujitazamia. Vito kumi vilivyofungwa siku moja havizeeki sawa, kwani kila kikombe kilikuwa na mwanya wake. Ukiona kimoja kimeingia weusi, cha pili kina doa na cha tatu kingali cheupe, hiyo ni kawaida ya uzee. Ukiona vyote kumi vinang'ara kwa weupe ule ule, ama jaribosi imebadilishwa, ama kitu chenyewe si cha zamani kinayodai.

Hapo ndipo mambo hupinduka vichwa chini. Almasi yenye jaribosi iliyoungua kwa unyevu huonekana kama kipande cha makaa, na kioo chenye jaribosi mpya huonekana kama nyota. Jicho linalohukumu kwa mng'ao litampa haki asiyestahiki.

Baada ya jaribosi, mtazamaji hukigeuza kitu na kutazama mgongo wake. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, na kazi ya sonara wa kale hujulikana hivyo hivyo, kwa upande usioonyeshwa watu. Mgongo huwa wa namna mbili, uliofungwa na ulio wazi. Karne ya 18 wingi wa vito, vya kweli na vya kuiga, vilifungwa mgongo. Kuelekea mwisho wa karne hiyo, na zaidi baada ya mwaka 1800, almasi zilianza kuachiwa mgongo wazi, kwa sababu mkato ulikuwa umeendelea kiasi cha kito kuweza kujitegemea. Kioo hakikuweza kufuata mwendo huo kwa urahisi. Ukikiondolea jaribosi, kinabaki kama tone la maji juu ya kitambaa. Kwa hiyo vito vya kioo viliendelea kufungwa mgongo miaka mingi baada ya almasi kufunguliwa. Mgongo wazi kwenye kazi ya mwanzo wa karne ya 19 ni dalili inayoelekea upande wa almasi. Mgongo uliofungwa hauelekei popote, maana wote wawili waliuvaa.

Madini ya mgongo nayo yana neno. Almasi zilipendwa kufungwa kwa fedha upande wa mbele, kwa kuwa weupe wa fedha haukuitia almasi umanjano. Lakini fedha hupata kutu nyeusi ikachafua nguo na ngozi, na hivyo ikawa desturi, hasa katika karne ya 19, kuunganisha mgongo wa dhahabu na uso wa fedha. Si kazi ambayo mtu angeifanyia kioo mara kwa mara. Vikombe vya kioo kwa kawaida vilikuwa fedha tupu mbele na nyuma, ama madini hafifu.

Lililo na uzito zaidi ni nafasi baina ya vito. Mkata almasi anapima kila punje. Hathubutu kuondoa zaidi ya lazima, na kwa hiyo almasi za kale hazilingani: moja ina bega lililolegea, nyingine ni pana upande mmoja. Sonara huzipanga hivyo hivyo na kuziba mapengo kwa madini. Mkata kioo hana hofu hiyo. Kioo ni rahisi na ni laini, naye humfuata sonara. Pakitakiwa pembe tatu hukata pembe tatu, pakitakiwa umbo la nusu jani hukata nusu jani, na vito vikakaa bega kwa bega bila pengo. Kwa ufupi, kwenye almasi madini hukifuata kito, na kwenye kioo kito huyafuata madini.

Mkata kioo aliacha alama nyingine bila kukusudia kujisaliti. Alijua kwamba almasi ya mkato wa migodi ya kale huonyesha kitundu cheusi katikati, kutokana na ile ncha iliyokatwa. Kioo chake kilichofungwa juu ya jaribosi hakikuwa na kitundu hicho, basi akakidondoshea nukta ya rangi nyeusi mgongoni, kwenye ncha. Nukta hiyo ilikuwa desturi ya karne ya 18 na sehemu ya karne ya 19. Katika almasi kitundu kina kingo zilizonyooka, nacho hubadilika unapokigeuza kito, mara cheusi mara cheupe. Katika kioo nukta hukaa nyeusi popote ukielekea, na kingo zake ni za brashi.

Dalili zote zilizotangulia ni za mikono ya watu, na mkono wa mtu unaweza kuigwa. Imebaki moja ambayo ni ya wakati, nayo ni kulika kwa kingo.

Mwaka 1812 Friedrich Mohs alipanga madini kwa daraja kumi za ugumu. Almasi iko daraja la 10. Kioo chenye risasi kiko karibu na la 5. Katikati yao, daraja la 7, yumo mtu asiyealikwa, naye ni mchanga. Vumbi la kila nyumba lina chembe za mchanga, na mchanga hukikwaruza kioo lakini hauiwezi almasi. Kila kitambaa kilichopita juu ya bizimu kwa miaka 250 kilikuwa msasa mwembamba. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 na uitazame mistari ambapo nyuso mbili za kito hukutana. Katika almasi mistari hiyo ni mikali kama makunjo ya karatasi mpya. Katika kioo cha kale imelegea na kuwa ya duara, kama kingo za kipande cha sabuni kilichotumika wiki moja, na juu ya meza pana utando wa mikwaruzo isiyo na mpangilio.

Dalili hii nayo ina mipaka. Almasi hukwaruzwa na almasi, na zilizotunzwa pamoja ndani ya kifuko kimoja husuguana zikapata weupe kwenye kingo. Lakini weupe huo huwa mahali mahali, si kila ukingo. Almasi pia huvunjika. Ina mielekeo minne ambayo ikigongwa hupasuka, na jeraha lake huwa la ngazi ndogo zenye pembe. Kioo kikimeguka huacha shimo lenye mawimbi ya duara, mfano wa ndani ya kombe la baharini. Kisha kuna kioo ambacho hakikuvaliwa, kilicholala kisandukuni tangu siku ya kwanza, na kingo zake zingali kali. Kwa hiyo ushahidi wa ukingo una nguvu upande mmoja kuliko mwingine. Kito ambacho kingo zake zote zimelegea si almasi, na hapo mjadala umekwisha. Kito ambacho kingo zake ni kali kinaweza kuwa almasi, na hapo mjadala unaanza.

Chukua mfano wa bizimu moja yenye umbo la ua, ya namna iliyopendwa Ulaya miaka ya 1770. Katikati kuna kito kikubwa cheupe kinachong'ara, na kukizunguka kuna vinane vidogo vilivyofifia, vitatu kati yake vyeusi kabisa. Jicho la haraka litasema kwamba cha katikati ni almasi na vinane ni takataka.

Kigeuze. Mgongo wa vikombe vinane ni fedha iliyofungwa, yenye kutu sawa na ya shina la ua. Kikombe cha katikati kina alama mpya za tupa pembeni, na kingo zake zimekandamizwa mara mbili, mkunjo juu ya mkunjo. Hilo halithibitishi kitu kuhusu kito, lakini linasema kwamba kikombe hicho kilifunguliwa. Rudi mbele. Vile vinane havilingani: kimoja kipana, kingine kirefu kidogo, na fedha imejaza mapengo kwa unene tofauti. Chini yake ni bapa na juu yake ni kuba la pembe tatu, yaani mkato wa waridi. Weusi umeingia kutokea pembeni, katika kila kimoja kwa kipimo chake. Sasa lenzi. Kingo za vile vinane ni kali, hata za vile vitatu vyeusi, isipokuwa kimoja kilichomeguka pembeni kwa ngazi. Kito cha katikati kina mkato wa mto wa kulalia na kitu cheusi kwenye ncha, lakini weusi huo hautikisiki kikigeuzwa. Meza yake imejaa mikwaruzo, na mistari ya nyuso zake imelegea yote. Ndani kuna kipovu kimoja cha hewa, duara kama punje ya ulezi.

Hukumu imepinduka. Vile vinane ni almasi zilizo juu ya jaribosi iliyokufa. Cha katikati ni kioo cha zamani, tena kilichochakaa mahali pengine kabla ya kuletwa hapa, kikalazwa juu ya jaribosi mpya ili kujaza nafasi ya almasi iliyotolewa, na yaelekea iliyotolewa ndiyo iliyokuwa na thamani kuu. Hakuna dalili hata moja iliyotosha peke yake. Mgongo ulisema palifunguliwa, mkato ukasema aliyekata alikuwa bahili ama mkarimu, jaribosi ikasema miaka, na ukingo ukasema madini.

Imebaki onyo moja kwa mwenye bizimu hiyo. Asiioshe. Maji ya sabuni yanayoisafisha almasi yenye mgongo wazi huingia chini ya kito kilichofungwa na kuimaliza jaribosi kwa siku moja, na vito vitano vilivyosalia vyeupe vitakuwa vyeusi kama wenzao. Wala asimpe fundi aing'oe almasi ili aitazame, kwani ukingo wa fedha wa miaka 250 ukiinuliwa mara ya pili hukatika. Kitambaa laini kikavu kinatosha, na pale shaka inapobaki, apelekewe mpimaji mwenye kalamu ya joto, ambayo huitambua almasi kwa wepesi wake wa kupitisha joto, mradi ncha ya kalamu iguse kito na isiguse fedha.

Na yule jamaa wa kioo asidharauliwe baada ya kutambuliwa. Almasi, kwa kuwa ina thamani, haikuachwa itulie. Kila mtindo ulipobadilika ilitolewa kikombeni, ikakatwa upya, ikafungwa upya. Almasi ya Koh-i-Noor, iliyofika Uingereza ikiwa na karati 186, ilikatwa tena mwaka 1852 ikabaki karati 105 na ushei, na mkato wake wa Kihindi ukaishia kuwa vumbi kwenye gurudumu la mkataji. Kioo cha Strass na wenzake hakikumtia mtu tamaa ya kukivunja. Kimebaki ndani ya fedha yake ile ile, juu ya jaribosi yake ile ile, na nukta yake nyeusi mgongoni. Anayetaka kujua almasi za mwaka 1760 zilivyopangwa kifuani mwa bibi wa Paris, mara nyingi hana budi kukiuliza kioo.